Tiketi mbili za hitilafu moja

Ofisi ninayoieleza hapa ni ya mfano, lakini fundi yeyote wa TEHAMA aliyewahi kuhudumia jengo lenye watu wengi ataitambua hitilafu yake. Ni jengo la ghorofa tatu jijini Dar es Salaam, na idara ya uhasibu iko ghorofa ya pili ikiwa na kompyuta nane zilizounganishwa kwa waya. Jumanne mchana dawati la msaada linapokea tiketi ya kwanza: "Mtandao unasumbua uhasibu tangu mchana. Tafadhali shughulikieni haraka, leo tuna malipo ya kutuma."

Fundi akiisoma tiketi hiyo anabaki na njia kumi za kuanzia. Anajaribu kompyuta yake, inafungua tovuti vizuri. Anakumbuka Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikadorora karibu Afrika Mashariki yote, kwa hiyo anaipigia kampuni inayowauzia intaneti. Wanamjibu kwamba laini iko sawa. Anarudi kwa mhasibu:

"Dada, hebu zimeni kompyuta zote mziwashe tena."

"Sawa kaka, ngoja nimalizie hii."

Robo saa baadaye hali imekuwa mbaya zaidi. Kompyuta tatu zilizokuwa zimekwama sasa ni tano, maana mbili kati ya zile zilizokuwa nzima nazo zimekufa mara baada ya kuwashwa. Tatu zilizobaki zilinusurika kwa sababu wenye nazo walikuwa katikati ya kazi, wakakataa kuzima. Ukaidi wao ndio uliookoa ushahidi.

Hapo mhasibu mwingine anaandika tiketi ya pili:

"Kompyuta tano kati ya nane za uhasibu, ghorofa ya pili, hazifungui tovuti yoyote, folda ya pamoja, wala printa. Tatu zinafanya kazi kama kawaida. Zote nane ni za waya. Simu na kompyuta mpakato zilizo kwenye waifai ya ofisi hazina shida. Ya kwanza ilikwama 13:52, ilipowashwa baada ya chakula. Mbili zilikuwa nzima mpaka zilipozimwa na kuwashwa 14:30. Naambatanisha picha za ipconfig /all, moja ya kompyuta mbovu na nyingine ya nzima iliyo meza ya jirani. Ile mbovu hatujaigusa tangu ilipokwama. Benki inafunga malipo 16:00, kwa sasa tunatumia zile tatu."

Fundi anamaliza kusoma, na kabla ya kuinuka kitini ameshajua ugonjwa. Inafaa kuona amejuaje.

Anaanza na mambo yasiyofanya kazi. Folda ya pamoja na printa zimo ndani ya jengo lenyewe. Waya wa baharini ungekatika, au kampuni ya intaneti ingekuwa na hitilafu, printa ingeendelea kuchapa na folda ingefunguka, na jengo zima lingelalamika pamoja. Sentensi moja ya mhasibu imeondoa dhana iliyompotezea fundi muda kwenye simu. Halafu kuna hili la kompyuta nzima kukaa pembeni ya mbovu, zote zikitumia swichi ileile ya ghorofa ya pili. Swichi ingekufa, zote nane zingekwama. Waya mmoja ungekatika, ingekwama moja.

Kilichomvuta zaidi ni maneno "mpaka zilipozimwa na kuwashwa". Kompyuta ya ofisini kwa kawaida haina anwani yake ya kudumu kwenye mtandao. Inapowashwa hutangaza kwa kila kilichoko kwenye waya kwamba inahitaji anwani, na seva ya DHCP huijibu kwa kuikopesha moja kwa muda maalumu, pamoja na kuielekeza mlango wa kutokea kwenda nje. Muda wa mkopo ukifika nusu, kompyuta huirudia seva ileile ya mwanzo kuomba nyongeza, bila kumtangazia mtu mwingine. Kwa hiyo iliyowashwa asubuhi na kuachwa hivyo haina sababu ya kusikiliza sauti mpya. Inayowashwa mchana inatangaza upya, na aghalabu inamkubali wa kwanza kujibu. Kama mchana huo ameingia mjibuji wa pili asiyehusika, watakaonaswa ni wale tu waliowasha baada yake. Yale yaliyotokea uhasibu yanalingana na hilo hatua kwa hatua.

Picha zikathibitisha. Hii ni ya kompyuta mbovu, nimepunguza mistari isiyohusika:

```
IPv4 Address. . . . : 192.168.0.104
Default Gateway . . : 192.168.0.1
DHCP Server . . . . : 192.168.0.1
```

Na hii ni ya jirani yake:

```
IPv4 Address. . . . : 10.20.4.57
Default Gateway . . : 10.20.4.1
DHCP Server . . . . : 10.20.1.5
```

Ofisi hiyo hutumia anwani zinazoanza na 10.20. Zile za 192.168.0 ni za kawaida kwenye ruta ndogo za nyumbani, zile za kuwekwa sebuleni. Maana yake kuna mtu amechomeka ruta ya namna hiyo kwenye tundu la ukutani, na akachomeka waya wa ofisi kwenye tundu lisilo lake. Ruta hizo zina tundu moja la kuingizia intaneti na matundu kadhaa ya kugawia. Waya wa ofisi ukiingia kwenye tundu la kugawia, ruta inaanza kugawia anwani zake jengo zima, au angalau sehemu ya mtandao iliyounganishwa na tundu hilo. Waifai ya ofisi ilipona kwa kuwa imetengwa na mtandao wa waya.

Ukiwa na kompyuta moja tu mbovu, picha yake peke yake inaweza kukupotosha. Mhasibu hana njia ya kujua kama 192.168.0.104 ni sahihi au la, na fundi mgeni naye huenda asijue. Zikiwekwa mbili pamoja, tofauti inajionyesha hata kwa asiyejua DHCP ni nini. Ningeambiwa nichague mstari mmoja wa kubaki kwenye kila tiketi, ningechagua ule unaosema ni kompyuta gani ya karibu inayofanya kazi na inatofautianaje na iliyokwama. Bahati mbaya huo ndio watu wengi hawauandiki, kwa kudhani fundi anahitaji kusikia habari za kilichoharibika pekee.

Kuna sababu pia ya kuandika ipconfig /all badala ya ipconfig tupu. Amri fupi haionyeshi mstari wa DHCP Server. Ruta ya ugenini ikitokea kutumia anwani zinazofanana na za ofisi, anwani ya kompyuta mbovu itaonekana sawa kabisa, na mstari huo tu ndio utakaomtaja aliyeitoa. Amri ndefu pia huonyesha Lease Obtained, yaani saa kompyuta ilipokopeshwa anwani. Kwenye hiyo mbovu ya kwanza ilisomeka 13:52, sawa na alivyoandika mhasibu. Kama anwani ingeanza na 169.254, hadithi ingekuwa nyingine: kompyuta ilitangaza, haikujibiwa na yeyote, ikajipa anwani yenyewe. Hapo fundi angetafuta waya uliokatika, tundu lililozimwa kwenye swichi, au seva iliyoishiwa anwani za kukopesha.

Saa nazo zina mtego wake kwetu. Mhasibu angeandika "saa saba na dakika hamsini na mbili", mwanadamu mwenzake angemwelewa. Lakini fundi atakwenda kuilinganisha na kumbukumbu za swichi na seva, ambazo husoma 13:52, na aliyeandika "saa 8" bila kuongeza neno ameacha nafasi ya kutafutwa saa mbili asubuhi. Kwenye tiketi ni salama zaidi kunakili saa kama ilivyo kwenye kona ya skrini.

Tiketi ya pili haikusema tatizo ni nini. Haikusema "seva imekufa" wala "kuna virusi". Ingesema hivyo, fundi mwenye shughuli nyingi angeenda moja kwa moja kwenye seva. Ilitaja kilichoonekana, lini, na kwa nani, pamoja na muda wa mwisho wa kweli, ule wa benki wa 16:00, inayomwambia fundi kwa nini aiweke juu ya nyingine. "Haraka" iko kwenye karibu kila tiketi, kwa hiyo haimsaidii kupanga chochote.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kuitafuta ruta ndani ya ghorofa tatu. Fundi alimwomba mhasibu aandike arp -a kwenye kompyuta mbovu na kumtumia picha nyingine kwa simu. Amri hiyo huonyesha, mbele ya 192.168.0.1, namba ya kiwandani ya kifaa kinachotumia anwani hiyo, chini ya kichwa Physical Address. Ndiyo maana ilikuwa muhimu kompyuta moja mbovu iachwe ilivyo. Kwenye swichi, fundi akaandika namba hiyo, kwa mpangilio unaokubalika na swichi, baada ya amri hii:

```
show mac address-table address
```

Swichi ikamtajia tundu ambalo namba hiyo inaingilia, na karatasi ya michoro ya nyaya ikamwambia tundu hilo linakwenda chumba cha mikutano. Ruta ilikuwa chini ya meza, taa zinawaka. Mtu aliyetaka waifai kwenye kona isiyoshika vizuri aliichomeka wakati wa chakula, akaona simu yake haipati intaneti, akaondoka akaiacha. Swichi nyingi za ofisini zina uwezo wa kuzuia jambo hili kwa kukataa majibu ya DHCP yanayotoka kwenye tundu lisiloidhinishwa, lakini lazima mtu auwashe na ataje matundu ya seva halali. Kwenye jengo hili haukuwa umewashwa.

Kuchomoa ruta hakukuziponya zile kompyuta tano papo hapo. Zilikuwa bado zimeshika anwani za kukopeshwa, na zingeendelea nazo mpaka muda wa mkopo uishe, saa kadhaa au siku nzima kutegemea ruta ilivyopangwa. Kwa hiyo fundi alituma amri mbili za kuandikwa kwenye kila moja:

```
ipconfig /release
ipconfig /renew
```

Nne zilirudi. Ya tano iligoma, na mhasibu akaongeza mstari kwenye tiketi ileile badala ya kufungua mpya: "Iliyo karibu na dirisha bado, picha hii hapa, 15:20." Picha ilionyesha anwani ya 192.168.0 iliyoandikwa kwa mkono kwenye mipangilio. Wakati wa hekaheka, mwenye kompyuta hiyo alikuwa amejaribu kujitibu, na hakumwambia mtu.