Ratiba ya Shule Kutoka Pichani: Chapa kwa Siku, Usichape kwa Mstari

Mwaka wa masomo unapoanza Kalemie, ratiba ya wiki hubandikwa ukutani, wazazi na walimu huipiga picha kwa simu, na baada ya hapo mtu huombwa aichape upya kwenye kompyuta. Kazi inaonekana nyepesi: maneno yenyewe hayazidi arobaini. Lakini ratiba si maneno tu. `Géo` iliyoandikwa sawasawa ikakaa chini ya Jumatano badala ya Alhamisi ni kosa kubwa kuliko `Géo` iliyokosewa herufi, kwa sababu kosa la herufi kila msomaji ataliona, na kosa la siku halitaonekana hadi mwalimu aingie darasani akute wanafunzi wamebeba vitabu vya somo jingine.

Tuchukue mfano wa darasa la 8 la elimu ya msingi. Masomo yanaanza 7h30, kila kipindi kina dakika 50, vipindi vitatu vinafuatana hadi 10h00, kuna mapumziko ya dakika 20, kisha vitatu vingine hadi 12h50. Siku ni sita, Jumatatu hadi Jumamosi, ila Jumamosi ina vipindi vinne tu. Jumatano saa 9h10 hapana somo, pengine kwa sababu mwalimu hajapatikana. Hivyo jedwali lina visanduku 36, na vitatu kati yake ni vitupu.

Tuangalie mstari wa 9h10 jinsi ulivyo pichani, kila kitupu kikiwekewa `x`:

```
9h10 | Math | Français | x | Géo | Anglais | Religion
```

Anayechapa kwa kufuata mstari, jicho likiruka kutoka neno hadi neno, huandika hivi:

```
9h10 | Math | Français | Géo | Anglais | Religion |
```

Nafasi tupu ya Jumatano imemezwa. Masomo matatu yamesogea siku moja nyuma, na pengo limehamia Jumamosi. Hapo ndipo penye mtego: Jumamosi ni siku fupi, kwa hiyo pengo lake halimshtui mtu. Ukihesabu masomo ya wiki nzima, `Géo` ni zile zile, `Anglais` ni zile zile, na jumla bado ni vipindi 33. Kuhesabu jumla kunafichua somo lililosahauliwa au lililoandikwa mara mbili, lakini hakufichui somo lililohama siku.

Dawa yake inaanza kabla ya kugusa kibodi. Picha ikiwa imepigwa kwa upande, laini zake zinapanda au kushuka, na jicho likifika safu ya Ijumaa linakuwa limeshaingia mstari wa juu au wa chini. Nyoosha picha kwanza, kisha ikate vipande sita vya wima, kila siku kipande chake. Kama picha inatoka kwenye simu ya mtu mwingine, mwombe aitume kama faili, maana WhatsApp huibana picha ya kawaida na laini nyembamba za penseli hupotea. Halafu hesabu visanduku vitupu vya kila siku moja kwa moja pichani, uandike kwenye karatasi: Jumatano 1, Jumamosi 2, siku nyingine 0. Hesabu hiyo lazima itoke pichani. Ukiitoa kwenye ulichokwisha kuchapa, utakuwa unathibitisha kosa lako mwenyewe.

Sasa fungua jedwali. Usichukue kiolezo kilicho tayari bila kukikagua, kwani vingi vina safu tano, Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi ya Kongo inakosa mahali. Andika majina ya siku kuanzia `B1` hadi `G1`, na saa za kuanza vipindi kuanzia `A2` hadi `A7`. Mapumziko usiyaweke bado. Kisha chagua eneo lote la `B2:G7` na uanze kuchapa, ukibonyeza `Entrée` baada ya kila neno. Eneo likiwa limechaguliwa, kishale hushuka chini hadi mwisho wa safu, halafu hupanda chenyewe hadi juu ya safu inayofuata. Kila kisanduku kinapata kitu. Kilicho kitupu kinapata `x`.

Faida ya mwendo huu ni kwamba kila siku inajikagua yenyewe. Unapoanza Jumanne, kishale lazima kiwe `C2`, Jumatano `D2`, Alhamisi `E2`, na kuendelea. Ukikuta uko `B7` na kipande cha Jumatatu kimekwisha, ujue umeruka kisanduku, na cha kutafutwa ni kimoja kati ya sita.

Vitu viwili vinahitaji jicho kali. Cha kwanza ni somo la vipindi viwili mfululizo. Pichani huandikwa mara moja, katikati, palepale ambapo laini ya kutenganisha ingepita, na kisanduku chake ni kirefu mara mbili. Mchapaji asiyeangalia laini hulipeleka juu au chini, na nusu inayobaki huidhania tupu. Andika somo hilo mara mbili, visanduku vyote viwili. Cha pili ni programu kukumalizia neno. Ikiwa `Géométrie` imeshaandikwa juu katika safu hiyo, ukichapa `Géo` na kubonyeza `Entrée`, jiografia inageuka jiometri bila kelele. Zima huduma hiyo katika mipangilio, au tumia vifupisho vyenye nukta: `Géo.` na `Géom.`

Ukimaliza, weka fomula hii katika `B8` na uivute hadi `G8`:

```
=NB.SI(B2:B7;"x")
```

Hiyo ni kwa Excel ya Kifaransa, ambayo ndiyo inayokutwa zaidi Kongo; ya Kiingereza itataka `=COUNTIF(B2:B7,"x")`. Majibu yalinganishe na karatasi yako. Katika kosa letu la mstari wa 9h10, kama pengo la mwisho lingepewa `x`, Jumatano ingetoa 0 badala ya 1 na Jumamosi 3 badala ya 2. Jumla ya wiki ingebaki 3, lakini siku zingekuwa zimeshaumbuka.

Fomula hii ina mpaka wake. Masomo mawili yakibadilishana nafasi bila kugusa kisanduku kitupu, hesabu haitasema lolote. Hapo hapana budi wawepo watu wawili: mmoja anasoma picha kwa sauti, siku kwa siku kutoka juu kwenda chini, mwingine anafuata kwenye skrini. Walimu nao ni mashahidi wazuri, kwa kuwa kila mmoja anazijua siku zake. Anayefundisha jiografia ataona mara moja kama Alhamisi yake imepotea.

Mapambo yaje mwisho kabisa. Ingiza mstari wa mapumziko, ondoa `x`, na hapo ndipo uunganishe visanduku vya vipindi viwili kwa `Fusionner`. Amri hiyo hubakiza neno la kisanduku cha kwanza na kufuta mengine, kwa hiyo weka kwanza nakala ya jedwali ambalo halijaunganishwa. Unapoituma ratiba kwenye simu za wazazi, itume kama PDF, safu zisije zikabadilika upana. Na prefe asiitie sahihi kabla ratiba hiyo haijasomwa safu kwa safu mbele ya picha ya asili.