Mafuta Yaliyoyeyuka kwa Maji

Mliokuwepo jimu ile ya Nakuru siku ya fainali ya shindano la kupunguza mafuta mliona wenyewe, kwa hiyo majina nayaacha. Kocha alipanga ratiba nzuri ya wiki 6, na heshima yake nampa hapa hapa. Kilichoharibu shughuli ni mzani, tena si mzani peke yake bali mwamuzi aliyeuamini.

Mshindi aliingia wiki ya mwisho akiwa na kilo 80, mafuta asilimia 20. Wiki hiyo akaanza kumeza kreatini, gramu 20 kwa siku kwa siku 5, jinsi wengi wanavyoijaza misuli haraka. Siku ya fainali alikuwa kilo 81.5, mafuta asilimia 19. Mpinzani wake alilalamika kwamba kilichoongezeka ni maji ya kreatini. Mwamuzi akajibu kwamba mzani ni wa kisasa, maji na misuli utavitofautisha wenyewe. Zawadi ikatolewa. Uamuzi ule ulikuwa mbovu, na ubovu wake unaonekana kwa hesabu ya penseli.

Mzani wa namna ile hauoni mafuta hata kidogo. Hupitisha mkondo mdogo wa umeme, chini ya miliampea moja, kwa kawaida wa kilohezi 50, ukipanda mguu huu na kushukia ule. Misuli na damu zina maji yenye chumvi, kwa hiyo mkondo hupita kwa urahisi; mafuta huukataa. Kutokana na ukinzani huo na urefu wako, mashine hukisia mwili una maji kiasi gani. Kisha huyagawanya maji hayo kwa 0.73, kwa sababu sehemu ya mwili isiyo mafuta inasadikiwa kuwa na maji asilimia 73. Kinachobaki kwenye uzito ndicho huitwa mafuta. Watengenezaji huongeza umri, jinsia na mengine katika fomula wanazozifungia kabatini. Ile 0.73 nayo ni ya uchunguzi wa Pace na Rathbun wa 1945, uliotegemea miili ya wanyama.

Sasa rudi kwa mshindi wetu. Kilo 80 zenye mafuta asilimia 20 ni kilo 16 za mafuta na 64 zisizo mafuta, ambazo ndani yake mna maji kilo 46.7. Kreatini ikavuta maji kilo 1.5 kuingia kwenye misuli. Tatizo ni kwamba nyongeza hii ni maji matupu, si nyama yenye maji asilimia 73. Mashine haijui hilo. Inagawanya 1.5 kwa 0.73 na kumwandikia "misuli" mipya ya kilo 2.05, ilhali uzito umepanda kwa kilo 1.5 tu. Kilo 0.55 iliyozidi lazima itoke mahali, na inatolewa kwenye mafuta. Kilo 16 zinasomeka 15.45, yaani asilimia 19. Mafuta yenyewe hayajaguswa.

Na angeweza kusomeka kinyume kabisa. Maji ya kreatini hukaa zaidi ndani ya seli, na mkondo wa kilohezi 50 hupenya utando wa seli kwa sehemu tu. Mzani usipoyaona kabisa, zile kilo 64 hazibadiliki na kilo 1.5 zote zinatupwa upande wa mafuta: kilo 17.5, karibu asilimia 21.5. Mtu yuleyule, wiki ileile, angeshika mkia.

Hata eksirei ya DXA, mashine ghali inayopigiwa debe sana, hunaswa. Mwaka 2025 kina Mandy Hagstrom wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, waliwapa watu gramu 5 za kreatini kila siku kwa siku 7 kabla ya mazoezi. Uzito wao usio mafuta ulipanda karibu nusu kilo kuliko wenzao wasioitumia. Baada ya wiki 12 za kubeba vyuma, makundi yote mawili yaliongeza takriban kilo 2, bila tofauti.

Mwamuzi makini angeona ishara mapema: kilo mbili za misuli ndani ya wiki moja hazijengwi na binadamu. Angepiga marufuku kuanza kreatini katikati ya shindano, au angewapima wanaoitumia baada ya mwezi mmoja wa kipimo kilekile, maana hata gramu 3 kwa siku huijaza misuli kwa siku kama 28. Makocha wa zamani hawakuhitaji hata hayo. Walikuwa na koleo la kupimia mikunjo ya ngozi, sehemu nne kama walivyofundisha Durnin na Womersley mwaka 1974: mbele ya mkono, nyuma ya mkono, chini ya mfupa wa bega na juu ya nyonga. Koleo hubana mafuta yaliyo chini ya ngozi, na maji yaliyoingia kwenye misuli hayalidanganyi kwa urahisi. Linataka mkono uliozoea, na labda ndiyo maana limetupwa.

Yule mpinzani aliyeshika nafasi ya pili alipungua sentimita 4 kiunoni kwa utepe wa fundi cherehani, na kreatini hakuigusa. Zawadi ilikuwa yake.