Adhiambo, Mary na Yule Asiyetajwa Jina

Ukishuka kwenye steji ya Sondu siku ya soko, utasikia lugha tatu kabla hujalipa nauli. Mjaluo wa Nyakach anazungumza Kijaluo na mwenzake, Mkipsigis aliyeteremka na mazao kutoka upande wa Kericho ana chake, na Mkisii aliyepitia Oyugis ana chake. Wakianza kupatana bei, wote wanahamia Kiswahili. Kando yao, spika ya duka la simu inapiga benga. Mwimbaji anataja jina la mwanamke, kisha anataja kwao. Mjaluo anatabasamu kama aliyetajiwa jirani, na wale wengine wanatikisa kichwa kwa sababu ya gitaa tu.

Tabasamu hilo lina ufundi nyuma yake. Mwandishi wa riwaya ana kurasa mia mbili za kumjenga mtu. Mwimbaji ana beti chache, na katika enzi ya santuri ndogo alikuwa na dakika tatu hivi kwa kila upande. Kwa hiyo uamuzi wake wa kwanza kuhusu mtu wa kawaida anayemwimba ni juu ya jina: alitaje, alibadilishe, au aliache? Kila njia humzaa mhusika wa aina yake, na kila njia huchaguliwa kulingana na anayesikiliza.

Tuanze na kutaja, kwa kuwa ndiyo njia ya hapa kwetu. Okatch Biggy na bendi yake ya Heka Heka, waliovuma ukanda huu wa ziwa katika miaka ya 1990, walikuwa mafundi wake. Tazama jina la wimbo wake mmoja, "Adhiambo Nyakobura". Ni maneno mawili tu, lakini Mjaluo akiyasikia ameshapewa historia fupi. Adhiambo ni msichana aliyezaliwa jioni. Nyakobura ni binti wa Kobura, kule Kano. Gitaa la pili halijaingia, na tayari mhusika ana saa ya kuzaliwa na mahali pa kurudi. Wimbo mwingine, "Okello Jabondo", unafanya hivyohivyo: Okello ni mtoto aliyefuata pacha, na Jabondo ni mtu wa Bondo. Katika "Helena Wang'e Dongo" alama haitoki kwenye ukoo bali usoni, kwani maana yake ni Helena mwenye macho makubwa.

Fundi hapa hahitaji kueleza sana, kwa sababu sehemu kubwa ya maelezo iko kichwani mwa msikilizaji. Anayeijua Kobura anajua barabara yake, mafuriko yake na mashamba yake ya mpunga. Jina linafungua mlango, msikilizaji anaingia na vyombo vyake mwenyewe. Njia hii ina mizizi katika nyatiti na katika pakruok, desturi ambapo mtu husimamisha muziki, hutoa pesa, hujisifu yeye au humsifu rafiki yake, kisha muziki huendelea. Hapo ndipo pia ilipo hatari yake. Mwenye pesa hutajwa kuliko mwenye kisa, na wimbo unaweza kugeuka orodha ya waliotoa tuzo. Kipimo chake ni rahisi. Funika jina kwa kidole, kisha uulize kama bado kuna jambo linalotokea. Kama halipo, ulichosikia ni stakabadhi iliyotiwa gitaa.

Njia ya pili ni ya kubadilisha jina, na mfano mzuri unatoka katika roki ya Marekani. Bruce Springsteen, mtoto wa mji mdogo wa Freehold jimboni New Jersey, alitoa wimbo "The River" mwaka 1980. Chanzo chake kilikuwa nyumbani kwao: maisha ya dada yake na shemeji yake, waliooana wakiwa wadogo, na shemeji akapoteza kazi ya ujenzi. Mwimbaji wa benga angemtaja dada huyo na kwao. Springsteen alifanya kinyume. Mwanamke akapewa jina la Mary, jina la kila mtaa, na anayesimulia si kaka wa mke bali mume mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza.

Mbona afiche? Kwa sababu wasikilizaji wake ni wageni. Mtu wa Texas au Uingereza hamjui dada huyo, na kulitaja jina lake hakungemfungulia mlango wowote. Badala ya ukoo, fundi wa roki hujenga mhusika kwa hati za maisha: umri, kitambulisho cha chama cha wafanyakazi, nguo ya harusi, jina la kampuni. Hizo ndizo zinazofanya kazi ambayo Kobura humfanyia Adhiambo.

Mwaka 1982 Springsteen alitoa albamu ya "Nebraska", ambayo aliirekodi nyumbani kwa mashine ndogo ya kaseti yenye njia nne za sauti. Katika "Johnny 99" anaanza na kiwanda cha magari kinachofungwa Mahwah, New Jersey, mahali ambapo Ford ilikuwa kweli imefunga kiwanda mwaka 1980. Mfanyakazi mmoja, Ralph, anakosa kazi, anazama katika madeni, analewa, anampiga mtu risasi. Hakimu anampa miaka 98 na mwaka mmoja juu yake, na kuanzia hapo jina lake ni Johnny 99. Mjaluo anayejua pakruok ataitambua hila hiyo mara moja, maana hilo ni jina la sifa lililopinduliwa: mtu amebatizwa kwa kifungo chake.

Njia hii huharibika pale mwimbaji anaposema "mimi" bila kuijua kazi. Msikilizaji husamehe sauti mbovu, lakini mpagazi akisikia mzigo umebebwa isivyobebwa, anaacha kuamini wimbo mzima.

Njia ya tatu ndiyo inayonivutia zaidi, na ilifanywa na mwimbaji Mjaluo ambaye angeweza kutaja majina usiku kucha kama angetaka. Gabriel Omolo na bendi yake ya Apollo Komesha walitoa "Lunch Time" mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa Kiswahili, na wimbo ukavuma Afrika Mashariki nzima. Kisa chenyewe ni saa moja ya siku. Kazi inasimama adhuhuri jijini Nairobi, wafanyakazi wanatoka. Wengine wanakwenda kula, wengine wanakwenda kujinyoosha kwenye nyasi hadi saa ya kurudi kazini ifike.

Mtu mkuu wa wimbo huo hana jina, na sababu yake ni mji wenyewe. Ndani ya Nairobi jina ni kabila. Ukisema Otieno, umewatoa nje ya wimbo wote wasio Wajaluo, na ukisema Kamau umewatoa wengine. Omolo alikuwa akiwaimbia watu walewale wanaopatana bei kwa Kiswahili hapa Sondu, ila wengi zaidi. Aliliondoa jina ili kila mtu apate nafasi ya kukaa.

Lakini ukiondoa jina lazima uweke kitu kingine, la sivyo unabaki na "wananchi" wa hotuba. Omolo aliweka saa. Saa ya chakula cha mchana huwatoa wote nje kwa wakati mmoja, karani na mfagizi, huwaweka kwenye barabara ileile, kisha huwatenganisha kwa kitu kimoja tu, ambacho ni kilichomo mfukoni. Hahitaji kumwelezea mtu sura wala tabia, kwa kuwa anakoelekea kunatosha. Aliyelala chini ya mti saa saba mchana anaonekana amepumzika. Msikilizaji ndiye anayepiga hesabu ya tarehe, mshahara ulitoka lini na utatoka lini, na kugundua kwamba usingizi ule ni chakula.

Sarufi nayo ilimsaidia. Kiambishi "a-" katika "analala" hakisemi kama ni mume au mke. Mwandishi wa Kiingereza akifika hapo mara nyingi hulazimika kuchagua, na akichagua amemtenga nusu ya wasikilizaji. Kiswahili kinamwacha mtu wazi. Na maneno "wengine... wengine" hugawa umati mara mbili bila kumnyooshea mtu kidole, jambo ambalo ni adabu pia: mwenye njaa haaibishwi mbele za watu. Ubaya wa njia hii ni mahubiri. Mwimbaji akikosa saa, mahali na mti, ataishia kuwaambia wafanyakazi wavumilie. Kipimo: je, mchoraji angeweza kuuchora wimbo huo? "Lunch Time" unachoreka.

Sasa tujaribu kwa mtu wa hapa. Tuseme mama auzaye omena katika soko la Sondu. Omena hukaushwa juani, juu ya nyavu. Mvua ikinyesha kabla hazijakauka, zinaharibika, na zile ambazo zingepimwa kwa gorogoro kwa ajili ya chakula cha watu huishia kuuzwa kwa bei ya chini kuwa chakula cha kuku. Mwaka mzima wa mama huyo unategemea mawingu.

Kwa njia ya kwanza, anaitwa Atieno, aliyezaliwa usiku, binti wa Nyakach. Watu wa Nyakach wataanza kuulizana ni Atieno yupi, na mwimbaji ajue kwamba mwenyewe anaweza kutokea Jumamosi akidai maelezo. Jina linamheshimu, na pia linambana mwimbaji asiseme uongo.

Kwa njia ya pili, anakuwa Mary, naye anasema mwenyewe: jana mawingu yalitanda, nilikuwa na magunia mawili kwenye nyavu, leo nimemngoja mnunuzi wa chakula cha kuku. Hapa mwimbaji anaanguka au anasimama kwa hayo mambo madogo. Akisema omena zililowa na bado akaziuza kwa gorogoro kwa bei ileile, soko zima litacheka.

Kwa njia ya tatu, tunachagua saa: alasiri, mawingu yakijikusanya juu ya soko. Wengine wanakunjua maturubai, wengine wanatazama juu kwa sababu hawana la kukunjua. Hatujasema omena wala kabichi wala ndizi, kwa hiyo Mkipsigis na Mkisii wa pale steji wamo pia. Tumepoteza kitu, hata hivyo. Hatujui tena mama huyu ni nani, wala hakuna atakayemnunulia soda kwa sababu ameimbwa.

Nikiulizwa nichague, ningetazama kwanza ni nani amesimama mbele ya spika. Atieno akipita pale dukani, wimbo wa kwanza utamsimamisha. Wimbo wa pili utamfanya asikilize kama unaijua kazi yake. Wa tatu hautamgusa jina, lakini atainua macho aangalie mawingu, na wale wawili wa kando yake watainua yao.