Muhogo Huu Ulivunwa Siku Gani?

Swali linalomfikia muuguzi wa zahanati au bwana shamba huwa fupi: "Unga huu wa muhogo ni salama?" Pengine huambatana na picha ya mfuko. Picha hiyo haisaidii, kwa kuwa unga wenye sianidi nyingi unaweza kuwa mweupe na laini sawasawa na ule uliosindikwa vizuri.

Ndivyo ilivyokuwa wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, Septemba 2017. Watu 98 waliugua na wawili wakafa baada ya kula ugali wa muhogo. Baadhi yao walikuwa wametoka kuzika. Unga ulipopimwa ulikuwa na wastani wa miligramu 88 za sianidi kwa kilo, ilhali kikomo cha kimataifa ni 10. Kwa macho, hakuna aliyeliona hilo sokoni.

Anayeulizwa, basi, asianze na muhogo. Aanze na watu: je, kuna aliyekwisha kula, na anajisikiaje? Kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika na kuishiwa nguvu ndani ya saa chache baada ya mlo ni dalili za kumpeleka mtu hospitali mara moja, pamoja na masalia ya chakula. Hapo maswali mengine yasubiri.

Kama hakuna aliyekula, swali la pili ni la umbo. Je, ni mzizi mbichi, ni makopa au udaga, au tayari ni unga? Mzizi mbichi bado una mtu anayejua mbegu yake, na uchungu wake ni onyo la wazi, ingawa kukosa uchungu si hakikisho. Unga umeshapoteza ushahidi huo. Kilichobaki ni historia yake, na historia hiyo inapaswa kuulizwa kwa siku na kwa maji.

Sababu imo ndani ya mzizi wenyewe. Sumu hukaa humo ikiwa imefungwa katika kemikali iitwayo linamarini, na kimeng'enya cha kuivunja kimetengwa mahali pengine katika seli. Viwili hivyo vikikutana, sianidi hutoka na kupotea hewani au majini. Kuloweka siku tatu au zaidi hulainisha mzizi na kuvikutanisha. Kutwanga kisamvu kabla ya kukipika hufanya kazi hiyo hiyo kwenye majani. Lakini vipande vya muhogo mchungu vikichemshwa moja kwa moja, moto hukiua kimeng'enya mapema na linamarini nyingi hubaki chunguni. Ndiyo maana jibu la "tumeupika sana" lisimtulize anayeuliza.

Hatari nyingine ni haraka. Wilayani Masasi, Tanzania, mwaka 1988, watu walipata sumu baada ya kula muhogo uliosindikwa kwa njia ya mkato: mizizi mibichi ilitwangwa, ikaanikwa juani, ikatwangwa tena, na ugali ukasongwa pasipo kungoja siku za kawaida. Njaa ilikuwa imewasukuma. Swali la "mliukausha vizuri?" lingejibiwa ndiyo na kila nyumba, kwa moyo safi kabisa. Swali linalofaa ni hili: "Ulivunwa siku gani, na ulisagwa siku gani?" Muuliza hujihesabia mwenyewe. Jumatatu hadi Jumanne haitoshi kwa mbegu chungu, hata kama jua lilikuwa kali. Kukauka upesi hukipunguzia kimeng'enya muda wa kufanya kazi.

Tuseme mama amenunua kilo tano sokoni. Hakuna aliyeugua, na muuzaji hajui mbegu wala siku. Ipo mbinu iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia: unga hutiwa maji, hutandazwa tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja, huachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha husongwa ugali siku hiyo hiyo. Sianidi hushuka hadi theluthi ya ilivyokuwa, wakati mwingine hadi sehemu moja ya sita. Kwa unga wenye miligramu 30 hilo ni jambo kubwa, maana hufika 10 au chini yake.

Kwa unga wa Kasese hesabu inakataa. Theluthi ya 88 ni takribani 29, na sehemu ya sita inakaribia 15. Mama huyo hajui unga wake uko upande gani, na kipimo cha karatasi ya pikrati, ambayo ni ya manjano na hugeuka kahawia kadiri sianidi inavyoongezeka, hakipatikani kila zahanati. Jibu la kumpa ni kwamba unga huo usisongwe hadi aliyeusaga apatikane au upimwe, na wengine walionunua kwa muuzaji yule waambiwe leo.