Kuufukuza Mkunjo wa Sensa Sita

Tangu Muungano, Tanzania imehesabu watu wake mara sita, na mara zote kazi imefanyika mwezi Agosti. Mwaka 1967 walikuwa milioni 12.3, mwaka 1978 milioni 17.5, mwaka 1988 milioni 23.1, mwaka 2002 milioni 34.4, mwaka 2012 milioni 44.9 na mwaka 2022 milioni 61.7. Anayetaka kuzieleza nukta hizo kwa fomula moja huandika P = a·e^(rt), ambapo t ni miaka iliyopita tangu 1967, a ni idadi ya kuanzia, na r ni kasi ya ukuaji. Zinatafutwa namba mbili tu. Jinsi zinavyopatikana ni kazi ya mkono ambayo kompyuta siku hizi huimaliza kabla hujanyanyua kikombe, ndiyo maana watu wengi hawajawahi kuitazama. Mimi napenda kuipunguza mwendo.

Kipimo cha uzuri ni hiki: kwa kila sensa, toa idadi ya fomula kwenye idadi halisi, zidisha tofauti kwa yenyewe ili hasi na chanya zisifutane, kisha jumlisha zote sita. Tunataka a na r zitakazoifanya jumla hiyo iwe ndogo kuliko nyingine yoyote. Legendre alichapisha kanuni hiyo mwaka 1805, na Gauss alipochapisha yake mwaka 1809 akadai alikuwa akiitumia tangu 1795, jambo ambalo Legendre hakulipenda hata kidogo. Kwa mstari ulionyooka jibu hupatikana kwa mkupuo mmoja. Hapa haiwezekani, kwa sababu r imekaa juu, kwenye kipeo, na hakuna namna ya kuishusha ukabaki na milinganyo myepesi. Inabidi ukisie, kisha usahihishe makisio.

Tuanze na a = 12.3, idadi ile ile ya 1967, na r = 0.02. Kwa makisio haya mwaka 2022 unapewa watu milioni 36.95, pungufu ya karibu milioni 25, na jumla ya miraba ya tofauti ni kama 944. Fundi sasa haulizi r sahihi ni ipi. Anauliza swali dogo zaidi: nikiisogeza r kidogo, kila nukta itasogea kiasi gani? Ukiiongeza kwa 0.001, nukta ya 2022 inapanda kwa takriban milioni 2, ile ya 1978 kwa milioni 0.17 tu, na ya 1967 haitikisiki kabisa, kwa kuwa t yake ni sifuri. Swali hilo hilo analiuliza kuhusu a. Majibu yanampa safu mbili za namba sita sita, na kwa muda mfupi anajifanya kwamba mkunjo umenyooka na safu hizo zitabaki vilevile hata akisogea mbali. Kwa uongo huo mdogo tatizo linageuka kuwa lile la mstari, ambalo linatatulika kwa milinganyo miwili. Hii ndiyo njia inayoitwa ya Gauss na Newton.

Hesabu inamwambia apunguze a hadi 12.02 na apandishe r hadi 0.0321. Hapa ndipo papendezapo. Kwa mahesabu ya mstari, hatua hiyo ingeifikisha nukta ya 2022 kwenye milioni 60.8, karibu kabisa na ukweli. Lakini mkunjo halisi hupinda kwenda juu, na ukiingiza namba hizo mpya kwenye fomula yenyewe unapata milioni 70.4. Umeruka lengo. Hata hivyo jumla ya miraba imeshuka kutoka 944 hadi 122, kwa hiyo hasara hakuna. Unapima tena safu zile mbili mahali ulipofika, unatatua tena, na sasa r inarudi nyuma hadi 0.0292 na a inapanda hadi 12.38. Jumla: 1.7. Hatua ya tatu inakupeleka kwenye a = 12.45 na r = 0.0290, jumla 1.32, na kuanzia hapo hata ukirudia hakuna kinachobadilika cha kutajika. Kwa kasi hiyo idadi ya watu hujirudufu kila baada ya miaka 24 hivi.

Kule kuruka lengo kungeweza kuwa kubaya zaidi, na kuna siku hatua moja huiongeza jumla badala ya kuipunguza. Levenberg mwaka 1944, na Marquardt mwaka 1963, walitengeneza breki: hatua inafupishwa pale mstari wa kujifanya unapodanganya sana, na inaachiwa pale unaposema kweli.

Breki haimsaidii aliyeanzia pabaya kupindukia. Kwenye programu ya R kazi yote ni mstari mmoja:

```r
nls(P ~ a * exp(r * t), start = list(a = 12.3, r = 0.02))
```

Sasa weka r = 1, na t iwe mwaka wenyewe wa kalenda, yaani 1967, 1978 na kuendelea. Kompyuta itatakiwa kukokotoa e kwa kipeo cha 2022, namba inayozidi kikomo cha namba inazoweza kuzishika, na utajibiwa `Missing value or an infinity produced when evaluating the model`. Data haina kosa lolote. Hata t ikihesabiwa tangu 1967, r ya 1 inadai mwaka 2022 kuwe na namba yenye tarakimu 25. Anayejua kazi huhesabu miaka kuanzia kwenye data yake, na r ya kuanzia huipata kwa logi: ln(61.7/12.3) gawanya kwa 55, yaani 0.0293. Kwa makisio hayo nusu ya safari imeshakwisha.

Wapo watakaouliza, kama logi inafaa kwa kuanzia, kwa nini isimalize? Chukua logi ya idadi zote, mkunjo unanyooka, na r inatoka kwa mkupuo mmoja: 0.0289. Kwa sensa hizi tofauti ni ndogo mno, lakini maswali yaliyojibiwa si mamoja. Mkunjo uliolinganishwa moja kwa moja unahesabu watu, kwa hiyo kukosea watu laki tano mwaka 1967 na kuwakosea mwaka 2022 ni sawa. Logi inahesabu uwiano: laki tano mwaka 1967 ni asilimia 4, mwaka 2022 haifiki asilimia 1. Kwa maoni yangu, makosa ya sensa hukua pamoja na idadi ya wanaohesabiwa, na kwa hoja hiyo logi ina haki zaidi hapa kuliko wapenzi wa kompyuta wanavyokubali. Kwa mizani inayokosea gramu zile zile, mzigo uwe mdogo au mkubwa, ningeamua kinyume.

Baada ya hapo, tazama tofauti zilizobaki. Mwaka 2012 fomula inawapa Watanzania milioni 45.83, zaidi ya waliohesabiwa kwa takriban laki tisa. Mwaka 2022 inapungukiwa na karibu laki tano. Sababu inaonekana ukigawa vipindi: kati ya 2002 na 2012 kasi ilikuwa 0.027, kati ya 2012 na 2022 ikawa 0.032. Fomula yenye r moja haina pa kuweka kasi mbili, hivyo imepita katikati. Karibu theluthi mbili ya ile 1.32 iliyobaki inatoka kwenye nukta ya 2012 peke yake, na hatua ya nne, ya tano wala ya mia haitaiondoa.