Sekunde tatu za senene

Mfanyabiashara wa senene mjini Bukoba akitaka tangazo la sekunde 30, atampigia kijana mwenye kamera, kijana atatafuta mwenye sauti nzuri, na mhariri ataunganisha vipande. Hao wote wanajulikana. Asiyejulikana ni anayelipokea tangazo usiku wa mwisho, kabla halijatumwa kwenye makundi ya WhatsApp, na kazi yake ni kusoma tu. Mhakiki ninayemzungumzia yuko kata ya Bakoba. Vijana wa kuhariri humwita dada, na humwogopa kidogo.

Kwanza huzima sauti. Wengi watakaoliona tangazo wataliona hivyo hivyo, ndani ya daladala au dukani kwenye foleni, simu ikiwa kimya. Kwa hiyo hulitazama kama wao, kwenye simu na si kwenye kompyuta, akijiuliza jambo moja: nimemaliza kusoma kabla maandishi hayajaondoka? Jibu likiwa hapana, haandiki "inakimbia sana" na kuishia hapo. Hufungua faili la manukuu na kuhesabu.

Katika tangazo nililomwona akilifanyia kazi, nukuu ya tatu ilikuwa hivi:

```
3
00:00:07,400 --> 00:00:09,900
Senene wetu wamekaangwa kwa mafuta
kidogo na kufungashwa hapahapa Bukoba
```

Nambari za juu ni muda wa kuingia na kutoka, hadi sehemu ya elfu ya sekunde. Maandishi yanakaa sekunde mbili na nusu. Herufi zake, pamoja na nafasi, ni 72, yaani karibu 29 kwa kila sekunde. Kipimo anachokifuata ni herufi 17 kwa sekunde, ambacho Netflix imekiweka kwa vipindi vya watu wazima katika lugha nyingi, pamoja na ukomo wa herufi 42 kwa mstari. Hahesabu maneno, na ana sababu. Kitenzi kimoja cha Kiswahili hubeba mtendaji, wakati na tendo. "Wamefungashwa" ni neno moja lenye herufi 13, na jicho hulilipia zote. Ukihesabu maneno, nukuu hii ina kumi tu na inaonekana nyepesi. Ukihesabu herufi, unaona mzigo wake.

Anayeanza kazi angeanza kukata maneno hapo hapo. Yeye hutafuta muda kwanza, kwa sababu maneno ni ya mteja na muda mara nyingi uko tu, haujatumika. Alisogeza video taratibu, fremu kwa fremu. Msemaji ananyamaza kwenye sekunde 9,900, lakini picha ya pakiti inaendelea mpaka 10,800 ndipo inakatwa kwenda kwa muuzaji. Nukuu inaruhusiwa kubaki baada ya sauti kuisha, ila isivuke mkato wa picha. Ikivuka, picha mpya hulishtua jicho, nalo hurudi kusoma upya maneno liliyokwisha kuyasoma. Akaacha fremu mbili kabla ya mkato. Video hii ni ya fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo fremu mbili ni 0,080, na muda wa kutoka wa nukuu ukawa sekunde 10,720. Sasa ina sekunde 3,32, zinazotosha herufi 56. Bado 16 zimezidi.

Hapo ndipo alipokata, na akakata kwa kuangalia picha. Pakiti inaonekana wazi imeandikwa "Senene", na nukuu ya pili imekwisha kuwataja. "Senene wetu" ikaondoka bila mtazamaji kupoteza kitu. Mafuta kidogo hayaonekani popote kwenye picha, na ndiyo hoja ya kuuzia, kwa hiyo hayakuguswa. Ilibaki ziada ya herufi nne, naye akafuta "hapa" moja.

Kijana wa kuhariri akalalamika: "Dada, lakini sauti inasema hapahapa."

"Sikio litaisikia hapahapa," akamjibu. "Jicho limeshafika Bukoba."

```
3
00:00:07,400 --> 00:00:10,720
Wamekaangwa kwa mafuta kidogo
na kufungashwa hapa Bukoba
```

Tazama pia mstari ulipokatikia. Mwanzo ulikatika kati ya "mafuta" na "kidogo". Kwa nukta ya sekunde, mtazamaji alisoma kwamba senene wamekaangwa kwa mafuta, na sifa yenyewe ikamfikia mstari wa chini kama jambo lililosahaulika. Sasa kila mstari una wazo lake. Programu iliyokata mara ya kwanza ilitafuta mistari miwili yenye urefu unaokaribiana tu. Haikujua kwamba "kidogo" haiachani na "mafuta" yake.

Ukomo upo, naye anaukubali. Msemaji akiharakisha mno na picha ikikatwa kila baada ya sekunde moja, hakuna hesabu itakayookoa nukuu. Hapo huandika kwenye orodha yake kwamba sauti irekodiwe upya, na hashindani na saa.

Baada ya manukuu huja maandishi makubwa ya kwenye picha: bei, siku, mahali, simu. Haya hayamo kwenye faili la manukuu, yamechorwa na mtu mwingine, mara nyingi juu ya kiolezo cha Kiingereza. Huyasoma kuanzia la mwisho kurudi la kwanza, ili maana isimbebe akapita juu ya kosa. Nambari ya simu huipiga. Tarehe huifungulia kalenda: kadi ilisema "Jumapili, 13 Desemba 2025", na siku hiyo ni Jumamosi. Majina ya mahali hayaachii kikagua tahajia cha kompyuta, maana hicho huchora mstari mwekundu chini ya Rwamishenye na Ijuganyondo hata yakiwa sahihi, na mtu akizoea kuupuuza huo mwekundu, siku "Ijuganyodo" itakapopita hataiona. Mahali palipoandikwa "Kagondo" peke yake, aliongeza wilaya. Kuna Kagondo ya Manispaa ya Bukoba na kuna Kagondo ya Muleba, na nauli ya kupotea ataitoa mnunuzi.

Ndipo hufungua sauti, na kosa lililonivutia zaidi lilipatikana hapo. Kadi ilisema "Saa 8:00 asubuhi". Hakuna herufi iliyokosewa, na watu watatu walikwisha kuipitisha. Msemaji alitamka "saa mbili asubuhi". Mchoraji alikuwa ameichukua 8:00 ya kompyuta akaibandikia asubuhi ya Kiswahili, na ikazaliwa saa isiyokuwepo. Mnunuzi anayeisoma hajui aje asubuhi au aje saa nane mchana, senene wakiwa wamekwisha. Kosa la aina hii halipatikani kwa kusoma peke yake wala kwa kusikiliza peke yake. Hupatikana maandishi na sauti vikikutanishwa, ndiyo sababu hiyo ni hatua ya pekee.

Orodha aliyomrudishia mhariri ilikuwa fupi. Kila mstari ulikuwa na muda, kilichopo, kinachotakiwa, na sababu kwa maneno machache. Hakuandika "rekebisha" mahali popote. Maandishi yakishachomwa kwenye picha hayafutiki, lazima video itengenezwe upya, kwa hiyo mhariri anahitaji kuambiwa yote kwa mara moja na bila kubahatisha. Alitengeneza upya mara moja. Tangazo likatoka na hakuna aliyelisifia maandishi yake. Watu walifika Jumamosi, saa mbili asubuhi, Kagondo iliyokusudiwa.