Barua ya Fedha Isiyopotosha: Jinsi ya Kuipima

Barua ya fedha iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza huonekana nzuri kwa urahisi: ina kumbukumbu namba, ina mhuri, na kila neno limepewa neno lake. Uzuri huo hautoshi. Istilahi ya benki au ya kodi ni sahihi pale tu msomaji anapoweza kujua kutokana nayo mambo matatu: nani anatoa fedha, nani anazipokea, na zinakokotolewa juu ya kiasi gani. Neno lisilojibu hayo, hata likiwa la kamusi, ni bovu.

Tuchukue barua ambayo kampuni mpangaji ingemwandikia mwenye jengo la duka Sirari, wilayani Tarime, au Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Pango ni shilingi 800,000 kwa mwezi, linalipwa kwa miezi sita, jumla shilingi 4,800,000. Sheria inamtaka mpangaji huyo akate asilimia 10 na kuiwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania. Mfasiri asiye makini ataandika: “Tumezuia kodi yako ya shilingi 480,000.” Kila neno hapo ni Kiswahili fasaha, lakini mwenye jengo ana haki ya kwenda kwa mwanasheria. Kwetu kodi ni malipo ya serikali, na kodi ni malipo ya nyumba pia. Hivyo sentensi hiyo inasema kwamba mpangaji amegoma kulipa sehemu ya pango. Barua bora huiita fedha ya nyumba “pango” mwanzo hadi mwisho, na lile kato huliita “kodi ya zuio”, jina linalotumiwa na Mamlaka yenyewe. Kisha huweka hesabu wazi: pango shilingi 4,800,000, kodi ya zuio asilimia 10, shilingi 480,000; fedha utakazopokea, shilingi 4,320,000. Humalizia kwa kusema kwamba kato hilo litawasilishwa ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha, na kwamba mwenye jengo atapewa hati ya kodi ya zuio. Hati hiyo ndiyo ushahidi wake kwamba fedha imekatwa kwa jina lake. Barua iliyoandika “makato” tu humnyima hata neno la kuulizia akifika ofisini.

Upande wa benki, neno linalodanganya zaidi ni riba, kwa sababu lenyewe ni sahihi na kasoro iko katika kile kilichoachwa. Mkopo wa shilingi 1,200,000 wa miezi 12, kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, unaweza kuwa mikopo miwili tofauti. Riba ikikokotolewa juu ya mkopo wote wa awali, kila mwezi ni shilingi 36,000, na kwa mwaka shilingi 432,000. Ikikokotolewa juu ya salio linalopungua, mkopaji akirejesha shilingi 100,000 za mkopo kila mwezi, riba yote ni shilingi 234,000. Barua inayosema “riba asilimia 3” bila kutaja msingi wake imeacha shilingi 198,000 gizani. Vilevile riba isichanganywe na adhabu: riba ni bei ya kutumia fedha, adhabu hutokana na kuchelewa kurejesha.

Wapo watakaosema kwamba kaunta za benki zimejaa Kiingereza na watu wanaelewana. Ni kweli, na hakuna sababu ya kufukuza VAT au TIN, vifupisho ambavyo wafanyabiashara wanavijua. Lakini kaunta ina mtu wa kuulizwa, barua haina. Tena tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ni lugha ya mahakama Tanzania, hivyo maneno ya barua yanaweza kusomwa kama yalivyo mbele ya hakimu. Wengine watadai kwamba dhana nyingine hazina jina lililozoeleka. Basi zielezwe kwa sentensi. Mtu wa Nyamongo, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, akiandikiwa “kodi ya mgodi” hajui pa kuulizia. Akiandikiwa kwamba mrabaha hulipwa serikali kuu na ushuru wa huduma hulipwa halmashauri, anajua mlango wa kubisha.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini, mpe barua mtu asiyejua Kiingereza, umwombe akutajie mlipaji, mpokeaji na hesabu. Akikosea kimoja, usimlaumu. Rudi kwenye barua urekebishe.